Doti Kwanza, Maandishi Baadaye

Kazi yenyewe husikika ndogo. Mchapishaji anataka kurudisha sokoni kitabu cha hadithi kilichotoka miaka ya 1980. Filamu na pleti za jalada zilipotea zamani; kilichobaki ni nakala moja ya kitabu, jalada lake likiwa bado zima. Mbele kuna picha ya rangi ya jahazi baharini. Juu, katikati ya anga, kuna jina la kitabu kwa herufi nyeupe, na pembeni, kwenye anga hilohilo, kuna maneno madogo meusi: “Toleo la Kwanza”, na chini yake bei ya enzi hizo.

“Fundi, nibadilishie hapo tu,” anasema. “Andika Toleo la Pili, na hiyo bei iondoe.”

Jalada linawekwa kwenye skana, linaskaniwa kwa 300 dpi kama kazi nyingine zote za ofisi, na picha inafunguliwa kwenye kompyuta. Anga ambalo kwenye karatasi ni laini kabisa sasa limejaa michirizi ya mawimbi, inayopishana mithili ya vyandarua viwili vilivyotandikwa kimoja juu ya kingine. Ukifuta herufi moja na kuziba pengo lake kwa kipande cha anga la jirani, kiraka kinaonekana waziwazi, kwa sababu michirizi ya kiraka haikutani na michirizi inayokizunguka. Ukiandika maneno mapya, yanakaa juu ya picha kama stika. Kazi iliyoonekana ya nusu saa inageuka ya siku nzima, na matokeo bado ni mabaya.

Tatizo hapa ni mpangilio wa kazi. Mawimbi yanatakiwa yaondoke kabla ya herufi kuguswa, na ili yaondoke ni lazima kujua yanatoka wapi.

Mawimbi hayako kwenye karatasi

Mashine ya ofseti haina wino wa samawati nyepesi. Ina wino mmoja tu wa kila rangi, na mahali popote kwenye pleti ama wino unashika ama haushiki. Ili jicho lione rangi hafifu, picha huvunjwavunjwa kuwa doti zilizopangwa kwa safu zenye nafasi sawa: doti ndogo palipo na rangi nyepesi, doti kubwa palipo na rangi nzito. Mbinu hii ni ya karne ya 19. Gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha ya namna hiyo tarehe 4 Machi 1880. Wachapaji hupima msongamano wa doti kwa idadi ya safu katika inchi moja. Magazeti hutumia takribani safu 85 hadi 100, majarida na majalada ya vitabu 133 hadi 150, na vitabu vya sanaa 175 au zaidi.

Picha ya rangi huchapwa kwa wino nne: saiani, majenta, njano na nyeusi, na kila wino una safu zake za doti. Kama safu zote zingelala upande mmoja, zingegombana zenyewe kwa zenyewe pale pale kwenye karatasi. Kwa hiyo kila wino hupewa pembe yake. Mpangilio uliozoeleka ni nyeusi nyuzi 45, saiani 15, majenta 75 na njano 0. Ukiangalia anga la jalada letu kwa lenzi ya kukuzia utaona doti za saiani na majenta zikizungukana na kufanya viduara kama maua madogo. Bila lenzi huoni kitu, unaona anga.

Skana nayo ina safu zake. Inapoambiwa isome kwa 300 dpi, inagawa kila inchi kuwa vipande 300 na kutoa rangi moja kwa kila kipande, yaani pikseli. Hapo safu mbili za vitu viwili tofauti zinakutana. Chukua wino mmoja wenye safu 133 kwa inchi, safu zikiwa sambamba na ukingo wa kioo cha skana. Kila safu inapata pikseli mbili na robo hivi. Safu moja itaangukia katikati ya pikseli na kuonekana nyeusi kamili, inayofuata itagawanywa na pikseli mbili na kuonekana ya kijivu, kisha mzunguko unajirudia. Kujirudia huko ndiko jicho linakoona kama wimbi, lenye upana wa robo tatu ya milimita hivi. Ukiskani kwa 150 dpi hali inakuwa mbaya zaidi: safu 133 zinakutana na pikseli 150, tofauti yake ni 17, na unapata mawimbi 17 katika kila inchi, kila moja likiwa na upana wa milimita moja na nusu.

Hii ndiyo sababu mawimbi mapana hayatibiki kwa kufifiza picha. Wimbi la milimita moja na nusu ni kubwa kuliko kamba ya jahazi, kuliko jicho la nahodha, kuliko herufi ndogo. Ukifuta wimbi kwa ukungu, unafuta na picha. Likishaingia kwenye faili, dawa ya uhakika ni kurudi kwenye karatasi na kuskani upya.

Kuskani ili kuziona doti

Inaonekana kinyume, lakini njia ya kuondoa doti ni kuziskani vizuri kwanza. Skana ikiiona kila doti kwa ukamilifu wake, hakuna wimbi linalozaliwa. Kinachobaki ni doti zenyewe, na doti ni ndogo, kwa hiyo kuzifuta hakuhitaji ukungu mwingi.

Kwa jalada letu, 600 dpi inatosha kwa shida na 1200 dpi inatosha kwa raha. Kwa 1200, kila safu ya 133 inapata pikseli tisa. Faili litakuwa zito: jalada la ukubwa wa A5 lenye rangi linafika kama megabaiti 208. Uzito huo ni wa muda tu, maana mwishoni tutalipunguza. Angalia uwezo halisi wa kioo cha skana yako, kwa sababu baadhi ya skana hutangaza namba kubwa ambazo programu inazikisia tu.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia kwenye dirisha la skana. Kwanza, zima kunoa picha, ambako mara nyingi huandikwa `Unsharp Mask` au `Sharpening`. Kunoa hukoleza kingo, na kwenye picha iliyochapwa kila doti ni kingo. Pili, hifadhi kwa TIFF au PNG. JPEG hubana picha kwa vigae vya pikseli nane kwa nane, na vigae hivyo ni safu nyingine ya tatu inayoingilia doti. Tatu, weka karatasi nyeusi nyuma ya jalada ili maandishi ya upande wa pili yasionekane kwa mbali.

Skana nyingi zina pia kitufe cha kuondoa doti, `Descreening`. Kwenye programu ya Epson Scan utakuta chaguo la gazeti, 85 lpi. La jarida, 133 lpi. Na la chapa laini, 175 lpi. Kwa mtu anayetaka picha tu ya kuweka kwenye taarifa, kitufe hicho kinatosha. Kwa kazi yetu hakifai, kwa sababu kinafifiza doti na herufi kwa pamoja, na hakikuachii nakala kali ya herufi. Sisi tunazihitaji zote mbili.

Kupima safu

Usikisie idadi ya safu, ipime. Fungua faili la 1200 dpi, kuza sehemu ya anga mpaka doti zionekane moja moja, kisha tumia kifaa cha kupimia cha programu yako. Anzia katikati ya doti moja, fuata mstari wao kama ulivyolala, hata ukiwa wa mshazari, hesabu doti kumi mbele na usome umbali. Tuseme umepata pikseli 90. Kila nafasi ni pikseli tisa. Gawanya 1200 kwa tisa unapata 133. Sasa unajua unashughulika na nini.

Hatua hii pia inakuokoa na kazi isiyo na maana. Picha iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha haina doti kabisa. Picha ya printa ya wino wa kunyunyiza ina vinukta vilivyotawanyika ovyo bila safu, na vitu visivyo na safu havitoi mawimbi. Ukikuza na usione mpangilio, mawimbi yako, kama yapo, yana chanzo kingine.

Ukungu wa kiasi

Baada ya kujua kwamba nafasi ni pikseli tisa, kiasi cha ukungu kinajipanga chenyewe. Kwenye `Gaussian Blur`, weka namba iliyo karibu na nusu ya nafasi hiyo, au chini yake kidogo. Kwa pikseli tisa, nne inatosha: katika kiwango hicho, tofauti kati ya doti na karatasi hubaki takribani asilimia mbili tu ya ilivyokuwa. Ukiweka mbili, doti zitakuwa bado zipo, hafifu. Ukiweka nane, doti zimekwisha kitambo na sasa unazifuta kamba za jahazi.

Watu huogopa namba hii kwa kudhani wanapoteza picha. Hasara ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa picha iliyovunjwa kuwa doti 133 kwa inchi haina habari nyingi ndogo kuliko doti yenyewe.

Kuna mtego mmoja ambao hata mafundi wazoefu hunaswa nao: baada ya ukungu, anga linakuwa jeusi kidogo kuliko lilivyo kwenye karatasi. Sababu iko kwenye namba za faili. Rangi huhifadhiwa kwa kipimo kinachofuata jicho, si kiasi cha mwanga. Mahali penye nusu wino mweusi na nusu karatasi nyeupe, programu inayochukua wastani wa namba za faili hupata 128. Lakini nusu ya mwanga mweupe, ikiandikwa kwa kipimo hichohicho, ni karibu 188. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Kwenye GIMP nenda `Image > Precision`, chagua `Linear light`, ndipo utie ukungu. Kwa anayependa kutumia ImageMagick, kazi yote ni mstari mmoja:

```
magick jalada.tif -colorspace RGB -gaussian-blur 0x4 -resize 25% -density 300 -colorspace sRGB anga-safi.tif
```

Amri hii inahamisha picha kwenye kipimo cha mwanga, inatia ukungu wa nne, inapunguza faili hadi robo, yaani kutoka 1200 hadi 300 dpi, kisha inairudisha kwenye kipimo cha kawaida. Jina la faili la pili ni jipya kwa makusudi. Faili la kwanza, `jalada.tif`, lisiguswe. Lina kazi bado.

Sasa kagua. Tazama picha kwa asilimia 100, pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo. Ukiitazama kwa asilimia 37 au 66 kompyuta yenyewe huruka baadhi ya pikseli na inaweza kukuzulia mawimbi ambayo hayamo kwenye faili. Kisha chukua kifaa cha kuonja rangi na ukiguse kwenye sehemu kadhaa za anga zilizo jirani. Namba zikipishana kidogo tu, anga ni safi. Zikirukaruka, rudi kwenye faili la mwanzo uongeze ukungu kidogo, usiutie juu ya ukungu uliopita. Huenda ukaona mabaki hafifu ya yale maua ya saiani na majenta, kwa sababu maua ni mapana kuliko doti. Kupitisha `Median` ya pikseli moja au mbili kwenye anga peke yake kunayapunguza, bila kuligusa jahazi.

Kuna mawimbi ambayo hayataondoka kwa njia hii: yale yaliyochapwa. Njano hukaa nyuzi 15 tu kutoka kwa saiani na majenta, badala ya 30 kama zilivyo wenzake, kwa hiyo hufanya nazo michirizi mipana kidogo. Wachapaji huivumilia kwa kuwa njano ni hafifu na jicho haliioni sana. Kama pleti iliwekwa vibaya, michirizi inakuwa mikubwa, na lenzi itakuonyesha kwamba imo kwenye karatasi yenyewe. Hiyo ni sehemu ya picha sasa, na hurekebishwa kwa mkono, kipande kwa kipande.

Herufi zina faili lake

Maneno meusi, “Toleo la Kwanza”, hayakuvunjwa kuwa doti. Yalichapwa kwa wino mweusi mzima, kingo zake ni kali. Ukungu wa nne umezifanya kingo hizo zivuje kwenye anga. Kwa hiyo kila herufi kwenye faili safi imezungukwa na kivuli cha kijivu, chenye upana wa pikseli 12 hivi kwa 1200 dpi, ambazo ni pikseli tatu baada ya kupunguza. Mtu akifuta herufi kwa kufuata kingo anazoziona, kivuli kinabaki, na maneno ya zamani yanaendelea kusomeka kama maandishi ya ubao uliofutwa vibaya.

Hapa ndipo faili la mwanzo linapofanya kazi yake. Fungua nakala ya `jalada.tif`, tia `Threshold` mpaka herufi zibaki nyeusi na anga liwe jeupe. Vidoti vichache vya wino mweusi vitabaki vimetawanyika. Ni vidogo sana kuliko herufi, vifute. Punguza nakala hiyo hadi asilimia 25, iweke juu ya faili safi, na uitumie kuchagua herufi. Kisha nenda `Select > Grow` na uongeze pikseli nne, moja zaidi ya upana wa kivuli. Sasa eneo ulilochagua limemeza herufi pamoja na kivuli chake.

Kulijaza ni rahisi, maana anga ni laini. Kifaa cha `Heal` huchukua anga la jirani na kulilinganisha na mwanga wa pale linapowekwa. Hakuna doti za kulinganisha, wala michirizi ya kugongana. Lakini kwa ulaini wake, kiraka kinaweza kuwa safi kuliko jirani zake, ambao bado wana chembechembe za karatasi. Kutia kelele kidogo, asilimia moja au mbili, kunakifanya kifanane nao.

Jina la kitabu ni kesi tofauti. Herufi zake nyeupe ni karatasi iliyoachwa bila wino, na kingo zake zimechorwa na doti za anga linalozizunguka, kwa hiyo ukizikuza zinaonekana zimeng'atwa. Kama unaitambua fonti yake, iandike upya. Kama huitambui, chukua faili la mwanzo, tia ukungu mwepesi wa mbili ili kuzibana doti za kingo, tia `Threshold` katikati, kisha uifungue Inkscape na uchore muhtasari kwa `Path > Trace Bitmap`. Rekebisha kwa mkono vipindo vilivyokosewa. Halafu, kwenye faili safi, futa jina la zamani pia kwa eneo lililopanuliwa, kwa sababu herufi kali ikiwekwa juu ya herufi yenye ukungu huzungukwa na mwanga hafifu.

Maandishi yote, jina la zamani na “Toleo la Pili” jipya, yapangwe kwenye programu ya kupanga kurasa, kwa mfano Scribus, juu ya picha. Usiyachome ndani ya picha. Yakibaki maandishi halisi, mweusi akiwa asilimia 100 na wino nyingine sifuri, mashine ya pleti itayachora kwa kingo kali. Yakichomwa ndani ya picha, yatavunjwa kuwa doti pamoja na anga, na herufi ndogo za toleo zitakuwa na kingo za msumeno.

Mtihani wa mwisho

Kunoa picha kuje mwisho, kwenye 300 dpi, kwa kiasi: `Unsharp Mask` ya upana wa pikseli moja hivi, nguvu isiyozidi asilimia 80. Lenga kwenye tanga na kamba za jahazi, anga liache. Ukinoa anga, mabaki yale ya asilimia mbili yanafufuka.

Faili linapokwenda kiwandani, jalada litavunjwa tena kuwa doti mpya. Kama doti za zamani bado zimo ndani ya picha, safu za zamani na safu mpya zitakutana kwenye pleti, na mawimbi yatarudi, safari hii kwenye nakala zote. Ndiyo maana prufu ya kioo haitoshi. Chapa jalada kwenye printa ya leza, ambayo nayo hutumia doti za safu, kwa ukubwa halisi, na utazame anga kwenye mwanga wa dirisha. Leza ina safu zake tofauti na za kiwanda, kwa hiyo anga safi hapo ni dalili nzuri na si hakikisho. Omba prufu ya mchapaji pia. Michirizi ikijitokeza kwenye leza, usipoteze muda kuifuta kwenye faili la mwisho. Rudi kwenye skani ya 1200, pima tena nafasi ya doti, na uanze ukungu upya kutoka hapo.

Mkabidhi mchapishaji mafaili matatu: skani ya 1200 kama ilivyotoka, picha safi isiyo na maandishi, na ukurasa wenye maandishi yanayobadilika. Atakapotaka “Toleo la Tatu”, kazi itakuwa kweli ya kubadilisha neno moja.